Taarifa ya mtiririko wa fedha imekataa kubalansi, tofauti 1,500. Mizania yenyewe iko sawa

mwana_leja

Wakuu, naomba macho yenu. Naandaa taarifa ya mtiririko wa fedha kwa njia isiyo ya moja kwa moja, yaani ile inayoanzia faida kabla ya kodi. Mizania za miaka yote miwili zinabalansi, lakini jumla ya mtiririko haifiki kwenye badiliko la fedha. Tarakimu zote ni kwa maelfu.

| | Mwanzo | Mwisho |
|---|---|---|
| Fedha mkononi na benki | 9,400 | 7,100 |
| Wadaiwa | 14,200 | 16,900 |
| Bidhaa ghalani | 11,000 | 12,300 |
| Mali za kudumu (baada ya uchakavu) | 32,000 | 38,600 |
| Ovadrafti | 1,500 | 3,200 |
| Wadai | 10,600 | 13,100 |
| Kodi ya mapato inayodaiwa | 1,200 | 1,500 |
| Mkopo wa muda mrefu | 15,000 | 17,000 |
| Mtaji wa hisa | 20,000 | 20,000 |
| Faida iliyolimbikizwa | 18,300 | 20,100 |

Faida kabla ya kodi ni 6,400, kodi ya mwaka 1,900, gawio lililolipwa 2,700, uchakavu 4,100. Mali mpya ni 11,600. Kuna gari liliuzwa kwa 1,400. Mkopo mpya ulichukuliwa 5,000 na marejesho yalikuwa 3,000. Riba ya mwaka yote imelipwa, nimeiacha ndani ya faida.

Nimepata uendeshaji 7,100, uwekezaji kasoro 10,200, ugharamiaji kasoro 700. Jumla ni kasoro 3,800. Lakini fedha zimeshuka kutoka 9,400 hadi 7,100, yaani kasoro 2,300. Tofauti ni 1,500. Nimeiweka kwa muda kwenye mstari wa "marekebisho mengine" ila najua haitapita.

Kibubu77

Mkuu, jibu liko kwenye jedwali lako mwenyewe. Ovadrafti ya mwanzo ni 1,500, sawasawa na tofauti yako. Umeisahau. Salio anzia la fedha ni 9,400 toa 1,500, yaani 7,900. Ukirekebisha hapo umemaliza.

mwana_leja

Nimejaribu. Nikianzia 7,900 na kuishia 7,100, badiliko linakuwa kasoro 800, na tofauti imeruka hadi 3,000. Imekuwa mara mbili badala ya kwisha.

hundi_ndefu

Angalia usuluhishi wako wa benki kwanza. Mara nyingi tofauti za namna hii ni hundi ulizoandika kabla ya kufunga mwaka ambazo benki bado hazijapita. Chukua taarifa ya benki, ongeza amana ambazo hazijaingia, toa hundi ambazo hazijalipwa, utapata tu hiyo 1,500.

Mizania_Mbili

hundi_ndefu, huo ni usuluhishi mwingine. Salio lililo kwenye mizania ni la daftari la fedha, si la taarifa ya benki. Hundi ambayo haijapita benki imeshatolewa kwenye daftari, na upande wake wa pili umeshapunguza wadai. Haiwezi kuleta tofauti hapa ilimradi mizania yenyewe inabalansi. Usuluhishi wa benki una kazi yake, nitaugusa baadaye.

Kibubu77 amegusa palipo na tatizo lakini kwa tarakimu isiyo yake. Ovadrafti inahusika, ndiyo. Lakini hiyo 1,500 kulingana na salio la mwanzo ni sadfa tupu. Tazama, hata kodi inayodaiwa mwishoni ni 1,500. Kutafuta tarakimu inayofanana na tofauti kunafaa pale tu kosa likiwa moja. Makosa yakiwa mawili au matatu, tofauti unayoiona ni mabaki baada ya makosa kulana yenyewe kwa yenyewe, na tarakimu hiyo si lazima iwe ya kosa lolote kwenye vitabu.

Njia inayofika ni hii. Mizania zote mbili zinabalansi, kwa hiyo mabadiliko ya mistari yote, fedha ikiwemo, yana jumla ya sifuri. Maana yake badiliko la fedha unaweza kulijua kutokana na mistari ile mingine peke yake, kabla hujagusa faida wala uchakavu. Ongezeko la mali andika kwa alama ya kutoa, ongezeko la deni au mtaji kwa alama ya kujumlisha:

Wadaiwa kasoro 2,700, bidhaa kasoro 1,300, mali za kudumu kasoro 6,600. Hizo ni kasoro 10,600. Upande wa pili: wadai 2,500, kodi 300, mkopo 2,000, mtaji sifuri, faida iliyolimbikizwa 1,800. Hizo ni 6,600. Jumla ni kasoro 4,000.

Sasa pima: fedha ukitoa ovadrafti, mwanzo 7,900, mwisho 3,900. Badiliko ni kasoro 4,000. Imefunga. Na ukitaka kuiacha ovadrafti nje ya fedha, ongeza mwendo wake wa 1,700 kwenye hiyo mistari mingine na utapata kasoro 2,300, ambayo ndiyo 9,400 hadi 7,100. Kwa hiyo salio anzia na salio ishia hazina tatizo. Tatizo liko kwenye jinsi ulivyogawa mwendo wa kila mstari.

Kabla sijaendelea nahitaji vitu vitatu: thamani ya kitabuni ya gari siku lilipouzwa, kodi uliyoiandika kwenye taarifa yako ni ipi, na ndani ya wadai 13,100 kuna nini hasa.

mwana_leja

Gari lilikuwa na thamani ya kitabuni 900, faida ya kuuza 500 ipo ndani ya ile 6,400. Kodi nimetoa 1,900. Wadai nimepekua leja: 11,300 ni wauzaji wa bidhaa na huduma, na 1,800 ni ankara ya mashine iliyofika mwezi wa mwisho, bado hatujailipa. Mwanzo wa mwaka wote walikuwa wauzaji wa kawaida.

Mizania_Mbili

Vizuri, tarakimu zote zipo. Fungua Excel, kila mstari wa mizania uwe na safu yake. Safu wima B weka mwendo wa mstari kwa alama ya fedha kama nilivyofanya juu. C hadi F weka vipande vya mwendo huo jinsi ulivyovipeleka kwenye taarifa. Safu wima G iwe na fomula hii:

```
=B7-SUM(C7:F7)
```

G lazima iwe sifuri kwenye kila mstari, si kwenye jumla ya chini tu. Jumla ya chini ndiyo inayoficha makosa yanayolana.

Mali za kudumu: mwendo ni kasoro 6,600. Vipande vya kweli ni kasoro 11,600 za mali mpya, 4,100 za uchakavu, na 900 za gari lililoondoka. Wewe umeweka kasoro 11,600, 4,100, halafu 1,400 za mauzo. G inasoma kasoro 500. Hiyo ni faida ya gari iliyohesabiwa mara mbili: mara moja ndani ya 6,400, mara ya pili ndani ya 1,400. Dawa yake ni kuiondoa 500 kwenye uendeshaji na kuiacha 1,400 nzima kwenye uwekezaji.

Kodi inayodaiwa: mwendo ni 300, na wewe hujaupeleka popote. G inasoma 300. Umetoa kodi ya mwaka badala ya kodi iliyolipwa. Iliyolipwa ni deni la mwanzo 1,200, jumlisha 1,900, toa deni la mwisho 1,500, yaani 1,600.

Ovadrafti: ukiichukulia kuwa nje ya fedha, mwendo wake ni 1,700 na haumo kwenye taarifa yako. G inasoma 1,700.

Faida iliyolimbikizwa: 6,400 toa 1,900 toa 2,700 ni 1,800. Sawa. Wadaiwa, bidhaa na mkopo viko sawa.

Jumlisha G zote: 1,700 na 300, toa 500. Ndiyo 1,500 yako. Makosa matatu, na hakuna hata moja lenye tarakimu hiyo. Ndiyo maana jaribio la Kibubu77 liliikuza tofauti badala ya kuimaliza: lilirekebisha salio anzia na kuliacha salio ishia bila kuguswa.

BintiHesabu

Naongeza ujanja mmoja unaookoa muda: gawanya tofauti kwa mbili, kisha tafuta mstari wenye mwendo huo. Ukiupata, umekosea alama, umejumlisha palipotakiwa kutoa. Ongezeko la wadaiwa likijumlishwa kwa bahati mbaya, tofauti ingekuwa 5,400, nusu yake 2,700, unaliona papo hapo. Kwa 1,500 nusu ni 750 na hakuna mwendo wa 750, kwa hiyo alama peke yake haielezi. Mimi huujaribu kwa dakika moja tu, nikikosa naenda kwenye jedwali.

Kibubu77

Nimekubali, nilikimbilia tarakimu. Sasa nauliza: G zote zikiwa sifuri na jumla ikafika kwenye badiliko la fedha, si ndiyo taarifa imethibitishwa?

Mizania_Mbili

Hapana, na mfano uko hapa hapa. Ile mashine ya 1,800 isiyolipwa. Mwana_leja ameandika mali mpya 11,600 kwenye uwekezaji na ongezeko la wadai 2,500 kwenye uendeshaji. G ya mali haiioni, G ya wadai haiioni, na jumla ya mwisho haibadiliki kwa hata shilingi moja, kwa sababu 1,800 imetolewa juu ya meza na kurudishwa chini ya meza. Lakini uendeshaji umevimba kwa 1,800 ambazo hakuna mteja aliyezilipa, na uwekezaji unaonyesha fedha zilizotoka ambazo bado ziko benki.

Kwa kanuni ya IAS 7, kilichopatikana bila fedha kutoka hakiingii kwenye taarifa, kinaelezwa kwenye maelezo ya hesabu. Kwa hiyo malipo ya mali ni 9,800, na wadai wa uendeshaji wameongezeka 700 tu. Mwakani ankara ikilipwa, 1,800 itaingia kwenye uwekezaji wa mwaka huo, na ukisahau hapo utavunja mwaka wa pili vilevile.

Taarifa sahihi basi ni hii. Faida 6,400, jumlisha uchakavu 4,100, toa faida ya gari 500: 10,000. Toa wadaiwa 2,700 na bidhaa 1,300, jumlisha wadai 700: 6,700. Toa kodi iliyolipwa 1,600: uendeshaji 5,100. Uwekezaji: kasoro 9,800 na 1,400, yaani kasoro 8,400. Ugharamiaji: 5,000 toa 3,000 toa 2,700, yaani kasoro 700. Jumla kasoro 4,000, kutoka 7,900 hadi 3,900.

Riba uliyoiacha ndani ya faida haivurugi jumla, ila IAS 7 inataka riba iliyolipwa ionekane peke yake. Irudishe kwenye faida juu, kisha itoe kwa mstari wake.

Sasa hundi_ndefu, usuluhishi wa benki unaingia hapa. Jedwali lote hili linathibitisha kwamba leja inakubaliana na leja. Halijui kama 7,100 ipo kweli. Kwa hilo unahitaji salio la kila akaunti lililosuluhishwa na taarifa ya benki ya siku ya kufunga, hesabu ya fedha mkononi ya siku hiyo hiyo, na salio anzia lililolinganishwa na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, si na kile mfumo unachoonyesha leo. Watu huingiza marekebisho kwenye mwaka uliofungwa, salio anzia likasogea, na tofauti ikaonekana ya mwaka huu kumbe ni ya mwaka jana.

hundi_ndefu

Sawa, hapo nimekuelewa. Nilikuwa nazungumzia hatua ya mwisho nikaiweka ya kwanza.

pwani_fx

Wakuu, samahani kuingiza langu. Sisi tuna akaunti ya fedha za kigeni. Nimefanya jedwali la mistari kama lilivyoelezwa, G zote sifuri, lakini tofauti imebaki 70,000. Salio la kigeni lilikuwa 100,000 kwa kiwango cha 10.0, tukapokea 40,000 kwa 10.2, tukalipa 60,000 kwa 10.5, likabaki 80,000 kwa 10.6. Je, nitumie kiwango cha wastani kote?

Mizania_Mbili

Kiwango cha wastani hakitakuondolea tofauti, kitaibadilisha sura tu. Fuata akaunti yenyewe kwa fedha yako ya hesabu. Mwanzo 1,000,000. Mapokezi 408,000. Malipo 630,000. Bila kitu kingine ungebaki na 778,000. Lakini 80,000 kwa 10.6 ni 848,000. Hizo 70,000 ni thamani iliyopanda kwa fedha mlizokuwa mmezishika. Hakuna aliyewalipa, kwa hiyo si mtiririko, lakini zimebadilisha salio.

Nina hakika umeiondoa faida hiyo ya 70,000 kwenye uendeshaji, na umefanya vyema. Umesahau kuirudisha chini. IAS 7 inaipa mstari wake, nje ya uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, katikati ya badiliko la mwaka na salio ishia: "athari ya viwango vya ubadilishaji kwenye fedha". Mtiririko wako kwenye akaunti hiyo ni kasoro 222,000, athari ya viwango 70,000, badiliko la salio kasoro 152,000.

Na angalia mtego: ungeiacha ndani ya faida bila kuigusa, taarifa ingebalansi vizuri kabisa huku uendeshaji ukiwa na 70,000 zisizo zake. Ni ule ule ugonjwa wa mashine.

pwani_fx

Ndivyo nilivyofanya, niliiondoa juu tu. Sasa imefunga. Na faida ya viwango kwenye wadaiwa wa kigeni ambao hawajalipa?

BintiHesabu

Hiyo haiendi kwenye mstari wa chini, ule ni wa fedha peke yake. Ya wadaiwa iache ndani ya faida na acha mwendo wa wadaiwa uimeze: salio lao limepanda kwa kiasi kile kile, kwa hiyo zinafutana ndani ya uendeshaji. Ukiiondoa kwenye faida bila kuiondoa kwenye mwendo wa wadaiwa, utapata tofauti mpya.

mkaguzi_mtulivu

Nina pingamizi moja kwa Mizania_Mbili. Umeweka ovadrafti ndani ya fedha kana kwamba ni jambo lililokwisha. IAS 7 inaruhusu hivyo pale ovadrafti inapodaiwa wakati wowote benki ikitaka na ni sehemu ya uendeshaji wa fedha wa kila siku, na dalili yake ni salio linalopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake mara kwa mara. Hapa tunaona mwanzo imezama, mwisho imezama zaidi. Hiyo kwangu inafanana na mkopo. Ningeiweka kwenye ugharamiaji: 1,700 inaingia, ugharamiaji unakuwa 1,000, jumla kasoro 2,300, na taarifa inatoka 9,400 hadi 7,100. Na wanaofuata kanuni za Marekani hawana hata hiari hiyo, kwao ovadrafti ni ugharamiaji.

Mizania_Mbili

Pingamizi lina uzito. Mimi nisingeamua kwa tarehe mbili, ningetaka masalio ya mwisho wa kila mwezi, miezi yote 12. Likivuka sifuri mara kadhaa, naliweka ndani ya fedha. Likikaa chini mwaka mzima, nakubaliana nawe.

Lililo muhimu kwa hesabu za mwana_leja ni kwamba uamuzi uwe mmoja kwa salio anzia, salio ishia na mwaka wa kulinganisha. Na kama ataiweka ndani, taarifa itaishia 3,900 wakati mizania inasema 7,100, kwa hiyo maelezo yaonyeshe wazi: 7,100 toa ovadrafti 3,200.

mkaguzi_mtulivu

Kwa hilo hatuna ugomvi. Ila hata likivuka sifuri mara mbili tatu kwa mwaka, mimi bado ningesoma mkataba wa benki kabla ya kukubali. Ikiwa benki lazima itoe notisi ya siku kadhaa kabla ya kudai, kwangu hiyo haidaiwi wakati wowote.

mwana_leja

Nimejaza jedwali upya, G zote sifuri, "marekebisho mengine" nimefuta. Kwa njia zote mbili inafunga: kasoro 4,000 ovadrafti ikiwa ndani, kasoro 2,300 ikiwa nje. Malipo ya mashine nimeyatoa.

Masalio ya mwezi nimeyatazama sasa hivi. Miezi 12, salio limevuka juu ya sifuri mwezi wa 3 na wa 8, iliyobaki yote chini. Mkataba sina hapa, nitaupata kesho.

mkaguzi_mtulivu

Miwili kati ya 12. Mimi nabaki kwenye ugharamiaji.

Mizania_Mbili

Kwa miwili naanza kuelekea kwako, lakini masalio ya mwisho wa mwezi yanaweza kuwa siku mbaya kila mara, mathalani kama mishahara inatoka tarehe ya mwisho. Mwana_leja, ukipata mkataba leta pia masalio ya katikati ya mwezi.